Hasara ya mwaka mmoja yaweza kupunguza ushuru wa miaka ijayo

WAFANYABIASHARA wengi humaliza mwaka mbaya kwa kufunga vitabu vya hesabu na kujaribu kuusahau. Ifikapo Juni, mwezi wa mwisho wa kuwasilisha fomu za ushuru kwa wengi wao, hujaza sufuri katika mtandao wa iTax kwa kuamini kwamba asiyepata faida hana la kutangaza kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA).

Imani hiyo huwagharimu. Sheria ya Ushuru wa Mapato, katika kifungu cha 15, humruhusu aliyepata hasara kuisongeza mbele na kuitoa katika faida ya miaka inayofuata kabla ya ushuru kukadiriwa. Lakini hasara ambayo haikutangazwa haiwezi kusongezwa. Ajazaye sufuri ameiambia serikali kwamba mwaka huo hakupata mapato wala hakutumia pesa, na hivyo hakuna hasara ya kukumbukwa.

Jambo hili limekuwa na uzito zaidi tangu Julai 1, 2025, Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilipoanza kutekelezwa. Sheria hiyo iliweka kikomo kipya: hasara inaweza kutumiwa katika miaka mitano tu inayofuata ule ilipotokea. Baada ya hapo, kiasi kilichobaki hupotea.

Kikomo cha aina hii si kigeni. Zamani hasara ilisongezwa mbele bila kikomo. Kuanzia mwaka 2010, muda ulipunguzwa ukawa miaka minne baada ya ule wa hasara, kisha baadaye ukaongezwa hadi miaka tisa. Mnamo 2021 Bunge liliondoa kikomo kabisa, na wenye biashara wakazoea kuona hasara kama akiba isiyooza. Sasa akiba hiyo ina tarehe ya kuharibika.

Ili kuelewa jinsi utaratibu huu unavyofanya kazi, chukua mfano wa kampuni ya kuoka mikate iliyo mjini Nakuru, ambayo mwaka wake wa hesabu huanza Januari na kuisha Desemba. Mwaka 2025 kampuni hiyo iliuza mikate ya Sh32 milioni. Bei ya unga ilipanda, magari ya kusambaza mikate yakaharibika mara kwa mara, na mwaka ulipoisha vitabu vyake vilionyesha hasara ya Sh2 milioni.

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kudhani kwamba hiyo Sh2 milioni ndiyo hasara itakayosongezwa mbele. Sivyo. Hasara ya vitabuni na hasara ya ushuru ni vitu viwili tofauti, kwa sababu sheria haikubali kila gharama iliyoandikwa na mhasibu, na pia hutoa nafuu ambazo mhasibu hakuziandika.

Katika vitabu vya kampuni hiyo, mhasibu alikuwa ametoa Sh1.2 milioni kwa ajili ya uchakavu wa mitambo na magari. KRA haitambui uchakavu uliokadiriwa na mwenye mali. Vilevile, kulikuwa na Sh300,000 ambazo zililipiwa karo ya watoto wa mkurugenzi na kuandikwa kama gharama ya kampuni. Hiyo ni matumizi ya kibinafsi, wala haikuhusika na kuoka mkate hata mmoja. Kiasi hicho chote, Sh1.5 milioni, hurudishwa katika hesabu. Hasara ya Sh2 milioni hushuka na kuwa Sh500,000.

Kisha huja nafuu. Badala ya uchakavu, sheria hutoa makato ya uwekezaji kwa viwango ilivyoviweka yenyewe. Mtambo unaotumiwa kutengeneza bidhaa hukatwa asilimia 50 ya gharama yake katika mwaka wa kwanza wa kutumika, na sehemu iliyosalia hukatwa katika miaka inayofuata. Kampuni hiyo ilikuwa imenunua tanuri jipya kwa Sh6 milioni, na likaanza kutumika mwaka huo huo. Nusu yake ni Sh3 milioni. Zikiongezwa kwa zile Sh500,000, hasara ya ushuru ya mwaka 2025 ni Sh3.5 milioni.

Kwa hivyo kampuni iliyodhani ina hasara ya Sh2 milioni inayo Sh3.5 milioni za kusongeza mbele. Yawezekana pia mambo yakageuka upande mwingine: kampuni iliyo na hasara vitabuni ikajikuta na faida mbele ya KRA, ikiwa gharama nyingi zilizoandikwa ni zile zisizokubalika na haikununua mtambo wowote. Ndiyo maana hesabu hii haiwezi kukisiwa.

Mwaka 2025, basi, kampuni haidaiwi ushuru wa mapato. Haipewi pesa zozote na serikali kwa sababu ya hasara hiyo, wala haiwezi kuirudisha nyuma ili kudai ushuru iliolipa mwaka 2024. Inachopata ni haki ya kuitumia mbeleni.

Tuseme mwaka 2026 hali inaanza kuwa nzuri, na baada ya marekebisho yote kampuni inapata faida ya ushuru ya Sh1.2 milioni. Kwa kawaida kampuni ya humu nchini hulipa asilimia 30 ya faida, yaani Sh360,000. Lakini hasara ya mwaka uliotangulia inatolewa kwanza. Faida inafutika yote, ushuru unakuwa sufuri, na hasara inayobaki ni Sh2.3 milioni.

Mwaka 2027 faida inapanda hadi Sh1.8 milioni. Hiyo nayo inafutika, na Sh540,000 ambazo zingelipwa KRA zinasalia katika biashara. Hasara iliyobaki ni Sh500,000.

Mwaka 2028 faida ni Sh2.5 milioni. Zile Sh500,000 za mwisho zinatolewa, na ushuru unatozwa kwa Sh2 milioni. Kampuni inalipa Sh600,000 badala ya Sh750,000. Kuanzia hapo hasara imekwisha, na mwaka unaofuata ushuru utalipwa kwa faida yote.

Ukijumlisha nafuu ya miaka hiyo mitatu, yaani Sh360,000, Sh540,000 na Sh150,000, unapata Sh1,050,000. Hiyo ni asilimia 30 kamili ya hasara ya Sh3.5 milioni. Hapa ndipo thamani halisi ya hasara inapoonekana. Hasara ya shilingi mia moja haiokoi shilingi mia moja. Huokoa shilingi thelathini, na hata hizo huja tu mwaka ambao faida itapatikana. Anayetumia pesa ovyo ili kujiongezea hasara anapoteza mia moja kwa kutafuta thelathini.

Sasa tuseme kampuni hiyo haikuinuka haraka. Badala ya faida kubwa, inapata Sh400,000 pekee kila mwaka kuanzia 2026 hadi 2030. Katika miaka hiyo mitano itakuwa imetumia Sh2 milioni za hasara yake. Zilizobaki ni Sh1.5 milioni, lakini mwaka 2030 ndio wa mwisho kwa hasara iliyotokea 2025. Ikipata faida kubwa mwaka 2031, haitaweza kuzitumia. Nafuu ya Sh450,000 itakuwa imepotea, ilhali pesa zenyewe zilizopotezwa mwaka 2025 zilikuwa za kweli.

Kikomo hiki huwaumiza hasa wale ambao biashara zao huchukua muda mrefu kukomaa. Kiwanda kinachokopa pesa kujengwa, au hoteli inayongoja miaka kadhaa kabla ya kujaza vyumba, huweza kupata hasara mfululizo kwa miaka minne au mitano ya mwanzo. Kila hasara huhesabiwa muda wake kuanzia mwaka wake yenyewe. Ya mwaka wa kwanza huenda ikaisha muda kabla faida ya kwanza haijaonekana. Kwa sababu hiyo ni muhimu hasara ya kila mwaka iandikwe peke yake, pamoja na mwaka ilipotokea, na ile kongwe itumiwe kwanza. Jumla moja tu iliyoandikwa "hasara ya miaka iliyopita" haitoshi tena.

Jambo la pili ambalo huwatatanisha wengi ni chanzo cha mapato. Sheria hugawanya mapato katika mafungu, na hasara ya fungu moja haiwezi kutolewa katika faida ya fungu jingine. Mapato ya kodi ya nyumba ni fungu lake. Kilimo na ufugaji ni fungu jingine. Ajira na taaluma za kujitegemea zina fungu lao, nazo biashara nyingine za kawaida huwekwa pamoja.

Turudi Nakuru. Tuseme kampuni hiyo ya mikate ina jengo lenye maduka iliyoyakodisha, na mwaka 2025 ilipata faida ya Sh900,000 kutokana na kodi hiyo baada ya gharama. Ingawa tanuri zilileta hasara ya Sh3.5 milioni, kampuni itadaiwa ushuru wa Sh270,000 kwa faida ya maduka. Hasara ya mikate husubiri faida ya mikate. Vivyo hivyo, mwalimu anayekatwa ushuru katika mshahara wake hawezi kudai kurudishiwa kwa sababu mahindi yake yalikauka shambani. Hasara ya shamba itangojea mavuno mema.

Mipaka hiyo ipo pia kati ya kampuni na kampuni. Mtu mwenye kampuni mbili, moja ikiwa na faida na nyingine hasara, hawezi kuhamisha hasara kutoka moja hadi nyingine hata kama zote ni zake. Kila kampuni ni mlipaushuru wa kujitegemea.

Jambo la tatu linawahusu wafanyabiashara wadogo, nao ni wengi. Walio na mauzo ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka huwekwa chini ya ushuru wa mauzo, ambao tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote. Ushuru huu hauangalii gharama. Mwenye duka aliyeuza bidhaa za Sh6 milioni hulipa Sh180,000, awe amepata faida au amekula hasara. Kwa kuwa gharama hazitolewi, hakuna hasara inayotambuliwa, na hakuna cha kusongeza mbele.

Sheria humruhusu mfanyabiashara wa aina hiyo kumwandikia Kamishna wa KRA na kuomba atozwe ushuru wa kawaida wa mapato. Uamuzi huo una faida na gharama zake. Atalazimika kuweka vitabu kamili na kuthibitisha kila gharama, jambo ambalo huenda likamlazimu kumlipa mhasibu. Lakini anayeanza biashara akijua kwamba mwaka wa kwanza au wa pili utakuwa wa hasara ana sababu ya kupiga hesabu hiyo mapema, kabla ya kuanza kulipia mauzo yasiyo na faida.

Suala la kutoza ushuru waliopata hasara liliwahi kufika mahakamani. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 ilileta ushuru wa kima cha chini wa asilimia 1 ya mauzo, ambao ungetozwa kuanzia Januari 2021 hata kwa kampuni zisizo na faida. Chama cha wenye baa wa Kitengela kilikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini kuupinga. Mnamo Septemba 20, 2021, Mahakama Kuu mjini Machakos iliamua kwamba ushuru huo ulikiuka Katiba, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana na uamuzi huo Desemba 2022. Kama ungedumu, kampuni ya mikate katika mfano wetu ingelipa Sh320,000 katika mwaka ule ule ilipokuwa ikipoteza pesa.

Kutangaza hasara, hata hivyo, si sawa na kuithibitisha. KRA inaweza kuikubali fomu ya mwaka 2025 bila swali lolote, kisha mwaka 2027 au 2028, hasara inapotumiwa kufuta faida, ikaomba stakabadhi za mwaka ule ilipotokea. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 humtwika mlipaushuru mzigo wa kuthibitisha kwamba KRA imekosea. Asiye na karatasi hana la kusema.

Sheria hiyo hutaka stakabadhi zihifadhiwe kwa miaka mitano. Mwenye hasara anayoendelea kuitumia hana budi kuzihifadhi kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa fomu ya mwaka 2030 inaweza kukaguliwa miaka kadhaa baadaye, na swali litakaloulizwa litahusu risiti za mwaka 2025. Ankara ya kununulia tanuri, taarifa za benki, mikataba ya mikopo na orodha ya mishahara ndiyo mihimili ya hasara hiyo.

Tangu Januari 2024 kuna sharti jingine. Gharama nyingi hazikubaliki ikiwa hazina ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa KRA. Baadhi ya gharama, kama vile mishahara, zimeondolewa katika sharti hilo, lakini ununuzi wa kawaida umo. Tuseme kampuni ya Nakuru ilinunua mayai ya Sh400,000 kutoka kwa wafugaji wa vijijini bila ankara za aina hiyo. Pesa zilitoka na mikate ikaokwa, lakini mbele ya KRA gharama hiyo haipo. Hasara ya Sh3.5 milioni itashuka hadi Sh3.1 milioni, na nafuu ya Sh120,000 itakuwa imeyeyuka kwa kukosa ankara. Tangu mwisho wa mwaka 2024, sheria humwezesha mnunuzi kutoa ankara hiyo mwenyewe anaponunua kutoka kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Anayenunua mazao mashinani hana sababu ya kuiacha njia hiyo.

Iwapo KRA itakataa sehemu ya hasara na kutoa makadirio yake, mlipaushuru ana siku 30 kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akieleza sababu na kuambatanisha ushahidi. Asiporidhika na jibu la Kamishna, anaweza kwenda kwa Jopo la Rufaa za Ushuru. Kunyamaza ni kukubali, na hasara iliyokataliwa haifufuki mwaka unaofuata.

Je, aliyekwisha jaza sufuri katika mwaka wa hasara afanyeje? Mlango haujafungwa kabisa. Sheria inamruhusu mlipaushuru kuomba kurekebisha fomu aliyowasilisha, mradi miaka mitano haijapita tangu alipoiwasilisha. Marekebisho hufanywa katika iTax, na Kamishna anaweza kuyakubali au kuyakataa. Bila shaka atataka kujua kwa nini biashara iliyosema haikuuza chochote sasa inadai iliuza na kupata hasara. Mwenye vitabu vilivyokamilika ana jibu. Asiye navyo ni bora aanze kuvikusanya kabla ya kugusa fomu hiyo.

Kwa aliyechelewa kuwasilisha, hasara haimwondolei adhabu. Kampuni iliyopitisha tarehe hutozwa asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa au Sh20,000, kutegemea kiasi kilicho kikubwa. Kwa kuwa aliye na hasara hana ushuru wa kudaiwa, hujikuta akilipa zile Sh20,000. Kwa mtu binafsi kiwango cha chini ni Sh2,000.

Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuwasilisha fomu, basi, mwenye biashara iliyopata hasara anapaswa kuwa na majibu ya maswali manne. Hasara ya ushuru ni kiasi gani baada ya marekebisho? Ni ya fungu gani la mapato? Ilitokea mwaka gani, na mwaka wa mwisho wa kuitumia ni upi? Na stakabadhi zake ziko wapi? Kwa kampuni ya mikate majibu ni Sh3.5 milioni, biashara, 2025 hadi 2030, na faili iliyofungiwa kabatini ambayo haitachomwa hadi hasara yote iishe na miaka ya ukaguzi ipite.